Barua ya Kuiacha Nafasi Uliyokwisha Kuikubali

Nafasi ya mafunzo tarajali, ile ambayo wengi mitaani huiita intanshipu, siku hizi hugombewa kama ajira yenyewe. Mhitimu hutuma maombi huku na huku, hungoja wiki nyingi, kisha hulikubali jibu la kwanza linaloingia kwa sababu hana hakika kama kuna jingine nyuma yake. Halafu jingine linakuja. Lina posho nzuri zaidi, au liko karibu zaidi na fani yake, na linamkuta ameshatia saini kule kwa kwanza.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wapo wanaonyamaza kabisa: simu ya ofisi inaita, haipokelewi, na siku ya kuripoti kiti kinabaki kitupu. Wapo wanaoandika kurasa mbili za kuomba radhi zilizojaa wagonjwa na misiba ya kutunga. Wote hao wanaogopa kitu kimoja, yaani hasira ya kampuni, na wote wanaitafuta hasira hiyo kwa mikono yao. Kampuni haikasirishwi sana na kuachwa. Maofisa utumishi wamezoea kuachwa. Kinachowaudhi ni kuachwa wakati ambapo hawana tena la kufanya.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Binti aliyehitimu uhasibu jijini Dar es Salaam amefanya usaili katika kampuni ya uwakala wa forodha iliyoko Kurasini. Jumatano tarehe 8 Julai anatia saini barua ya kukubali mafunzo ya miezi sita, atakayolipwa nauli na chakula cha mchana, na kuripoti ni Jumatatu tarehe 3 Agosti. Alhamisi tarehe 16 Julai, kampuni ya ukaguzi wa hesabu ambayo alikuwa ameshaikatia tamaa inampigia. Nafasi ni ya mwaka mzima, ina posho ya kila mwezi, na kazi yenyewe ni ya ukaguzi. Binti huyu anajiandaa kwa mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Hahitaji kushawishiwa na mtu.

Kabla hajashika kalamu, inafaa kutazama kinachoendelea Kurasini tangu asaini. Ofisa utumishi amefungua jalada lenye jina lake. Mkuu wa kitengo cha forodha ameambiwa kwamba kuanzia Agosti atakuwa na mtu wa kumsaidia kupanga nyaraka, na pengine ameshagawa kazi kwa hesabu hiyo. Kwa kuwa shughuli za kampuni kama hiyo zinafika hadi bandarini, huenda maombi ya kibali chake cha kuingia huko yanaandaliwa. La muhimu kuliko yote, wale waliomfuata kwa alama kwenye usaili bado hawajaandikiwa kwamba wamekosa, au wameandikiwa majuzi tu. Aliyeshika nafasi ya pili huenda bado yuko nyumbani anasubiri simu. Wiki mbili zijazo naye atakuwa amepata pengine, au amerudi kwao Singida kwa sababu kodi ya chumba imemshinda.

Kwa hiyo nia njema ya kampuni inapimwa kwa siku kwanza, maneno baadaye. Akitoa taarifa Ijumaa tarehe 17 Julai, ofisi ina siku 10 za kazi kamili kabla ya tarehe 3 Agosti. Zinatosha kumpigia wa pili, kumpa siku mbili za kufikiri, kusaini naye na kubadilisha jina kwenye maombi ya kibali. Akitoa taarifa hiyo hiyo, kwa maneno hayo hayo, Ijumaa tarehe 31, hakuna linalowezekana. Barua nzuri iliyochelewa haimfai ofisa utumishi, na barua ya kawaida iliyowahi inamwokoa mbele ya bosi wake.

Haraka hiyo lakini ina mpaka wake: hatoki kwa kwanza mpaka wa pili awe mkononi. Simu ya Alhamisi ni ahadi tu. Anachohitaji ni barua yenye jina lake, cheo cha nafasi, tarehe ya kuanza, muda wa mafunzo, kiasi cha posho na saini ya mwenye mamlaka ya kuajiri. Hakuna ubaya kumwambia aliyempigia, "Nashukuru sana, nimeipokea kwa furaha. Naomba barua rasmi leo au kesho ili nami nimalize taratibu za upande wangu." Kampuni ya kweli inaelewa mara moja. Ile inayozungukazunguka, au inayotaka kwanza itumiwe hela ya kitambulisho au ya sare kwa simu, imeshajieleza yenyewe, na aliyekuwa ameharakisha kujiondoa Kurasini angejikuta hana hapa wala pale.

Wakati anaisubiri barua hiyo, anairudia ile aliyoisaini tarehe 8. Watu wengi husaini bila kusoma ukurasa wa mwisho, na huko ndiko kunakokaa kipengele cha notisi. Kwa walioajiriwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka notisi ya siku 7 kwa anayeacha ndani ya mwezi wa kwanza, na siku 28 baada ya hapo kwa anayelipwa kwa mwezi. Kenya nako, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka notisi isiyopungua siku 7 kwa aliye katika kipindi cha majaribio. Mtarajali ambaye hata hajaripoti kwa kawaida anafungwa zaidi na kile alichokisaini, lakini viwango hivyo vinampa kipimo cha kile ambacho ofisi itakiona kuwa ni ungwana. Aangalie pia kama kuna kitu alichokwisha kupokea: nauli ya mwezi wa kwanza, kompyuta, kitambulisho, kozi iliyolipiwa. Vyote hivyo vinarudi, na barua itasema vinarudi lini.

Jambo jingine linalosahaulika ni chuo. Binti wa mfano wetu ameshahitimu, kwa hiyo anajisemea mwenyewe. Aliye bado mwanafunzi, anayekwenda fildi kwa barua ya utambulisho ya chuo chake, ana mtu wa tatu katika makubaliano. Mratibu wa mafunzo kwa vitendo ameandika jina la kampuni kwenye orodha yake, na msimamizi atakayemtembelea amepangiwa eneo kwa orodha hiyo. Mwanafunzi akihama kimyakimya kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, msimamizi ataambiwa mapokezi kwamba mtu huyo hajulikani, na alama za mafunzo zitaingia mashakani. Zaidi ya hapo, kampuni haitamlaumu yeye peke yake. Mwaka unaofuata itasita kupokea wanafunzi wa chuo kile, na watakaolipa ni wadogo zake waliomfuata. Mwanafunzi wa namna hiyo anazungumza na mratibu kwanza, kampuni baadaye.

Ijumaa asubuhi barua ya wakaguzi imefika, imesainiwa. Sasa anapiga simu Kurasini, na anapiga kabla ya kutuma barua. Wapo wanaoona simu ni aibu na ujumbe wa WhatsApp ni rahisi zaidi. Lakini habari ya namna hii ikimfikia mtu kwa maandishi tu, huisoma kwa sauti ya ukali ambayo mwandishi hakuikusudia. Simu inaondoa ukali huo kwa dakika tatu. Anamuomba ofisa utumishi aliyemfanyia usaili, mama wa makamo:

"Shikamoo, mama. Mimi ni yule mhitimu wa uhasibu niliyekubaliwa kuanza tarehe 3 Agosti."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Vipi, kuna tatizo?"

"Sijambo mama. Nimepiga kukupa taarifa mapema kwamba sitaweza kuja. Jana nimepata nafasi ya mwaka mmoja kwenye ukaguzi wa hesabu, ndiyo fani ninayoifanyia mitihani. Nimeamua kuichukua. Najua mlishanipanga, na nisingependa mjue siku ya mwisho. Barua naituma leo leo."

Kilichofanya mazungumzo hayo yafanye kazi ni kwamba hayana mlango nusu wazi. Hajasema "nafikiria" wala "sijui nifanyeje." Mtu akiongea hivyo, ofisa mwema atajaribu kumsaidia: ataahidi kuzungumza na mkurugenzi juu ya posho, atatumia jioni yake kulifuatilia, na akirudi na jibu Jumatatu akaambiwa bado ni hapana, ndipo atakapojiona amechezewa. Kama tofauti ni fedha tu na kweli angependa kubaki Kurasini, basi lilikuwa swali la kuuliza waziwazi kabla ya kuamua. Baada ya kuamua halina nafasi tena, si kwenye simu wala kwenye barua.

Barua yenyewe ni fupi kuliko wengi wanavyodhani. Inakwenda kwa barua pepe, ikiwa imeambatishwa nakala iliyotiwa saini, na kichwa cha barua pepe kinataja jina lake na tarehe ya kuripoti ili asiyemjua aelewe kabla hajafungua. Baada ya anwani na tarehe, inasomeka hivi:

*YAH: KUJIONDOA KATIKA NAFASI YA MAFUNZO TARAJALI, KITENGO CHA FORODHA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Rejea barua yenu ya tarehe 6 Julai 2026 na kukubali kwangu kwa tarehe 8 Julai 2026, pamoja na mazungumzo yetu ya simu ya leo asubuhi.*

*Ninapenda kuwajulisha kwamba ninajiondoa katika nafasi hiyo, na sitaripoti tarehe 3 Agosti 2026 kama tulivyokubaliana. Nimepata nafasi ya mwaka mmoja katika ukaguzi wa hesabu, fani ambayo ninaifanyia mitihani ya NBAA, na nimeamua kuipokea.*

*Ninafahamu kwamba mlikwisha kunipangia kazi na msimamizi. Ninaomba radhi kwa usumbufu huo, na nimetoa taarifa leo ili mpate muda wa kumchukua mwombaji mwingine. Sijapokea malipo wala kifaa chochote cha kampuni. Fomu ya maombi ya kibali cha bandari niliyopewa nitairudisha mapokezi Jumatatu tarehe 20 Julai.*

*Ninamshukuru Mkuu wa Kitengo cha Forodha, ambaye siku ya usaili alichukua muda kunionyesha jinsi nyaraka za mzigo zinavyopitiwa moja baada ya nyingine. Nilijifunza siku ile jambo ambalo sikulipata darasani.*

*Wenu,*

Kisha saini, jina na namba ya simu. Basi.

Mtu aliyezoea barua zetu za kiofisi ataona kitu kimoja kimekosekana: hakuna "naomba kujiondoa." Barua nyingi za Kiswahili huanza kwa kuomba, hata pale mwandishi anapotoa taarifa tu, na kwa kawaida hakuna anayedhurika. Hapa kuna anayedhurika. Barua yenye kichwa "Kuomba Kujiondoa" inaingia ofisini kama ombi, inagongwa muhuri wa kupokelewa, inapelekwa kwa meneja asaini kukubali au kukataa, na meneja yuko safarini Dodoma. Jalada halifungwi, na yule wa pili hapigiwi simu. Adabu iliyokusudiwa inakula siku zile zile 10 ambazo zilikuwa zawadi pekee aliyokuwa nayo mwandishi. Radhi inaombwa, ndiyo, na inaombwa mahali pake, kwa usumbufu. Uamuzi unatajwa kuwa ni uamuzi.

Tarehe zilizorundikana mwanzoni zina kazi yake pia. Atakayeishughulikia barua huenda asiwe yule mama aliyepokea simu, bali karani mwenye majalada 40 mezani. Akiziona tarehe 6, 8 Julai na 3 Agosti, analipata jalada bila kuuliza mtu. Sentensi ya kutokuwa na kifaa wala malipo inamwondolea swali la pili ambalo angelazimika kuliuliza. Shukrani nayo imetaja mtu na tendo. "Nawashukuru kwa fursa adhimu mliyonipa" ni maneno yanayoweza kuandikiwa kampuni yoyote, na msomaji wake anajua hivyo. Mkuu wa kitengo akionyeshwa ule mstari kuhusu nyaraka atakumbuka sura ya binti huyo, na atakumbuka kwamba alikuwa anasikiliza.

Sababu imewekwa katika sentensi moja, na ni ya kweli. Kiasi cha posho hakikutajwa, kwa sababu kutaja fedha kunageuza barua kuwa lawama: ninyi mnalipa kidogo. Jina la kampuni mpya halikutajwa pia, ingawa akiulizwa kwenye simu hana sababu ya kuficha. Kuhusu ukweli wenyewe, fani hii ina somo lake la karibu. Wakaguzi wa hesabu huenda kwenye ofisi za wateja wao, hukaa chumba cha mikutano wiki mbili wakipekua majalada. Kampuni ya forodha ya Kurasini inakaguliwa hesabu zake kila mwaka kama kampuni nyingine. Binti aliyeandika kwamba anarudi kijijini kumuuguza bibi anaweza kujikuta Machi mwaka unaofuata ameingia mlango ule ule, kitambulisho cha wakaguzi shingoni, akisalimiana na mama yule yule. Hata bila hiyo, picha ya siku ya kwanza kazini huwekwa mtandaoni kabla ya saa sita mchana, na maofisa utumishi wa sekta moja wanajuana kwa majina.

Kuna jambo ambalo watu hulifanya kwa moyo mwema na linafaa kufikiriwa upya, nalo ni kuambatisha wasifu wa rafiki ili ashike nafasi. Kampuni ina orodha yake ya usaili, na kuna mtu juu ya orodha hiyo anayestahili simu kabla ya rafiki wa mtu yeyote. Ofisa utumishi akiuliza mwenyewe kama kuna mwenzake anayeweza kuja haraka, hapo amtaje, kwa ruhusa ya huyo mwenzake.

Jibu la kampuni mara nyingi ni mstari mmoja: wamepokea, wanamtakia kila la heri. Hilo ni jibu zuri, na linatunzwa pamoja na barua. Siku tatu zikipita kimya, anaandika mstari mmoja kuuliza kama barua imefika, kwa sababu barua pepe iliyopotelea kwenye taka inamfanya aonekane mtoro tarehe 3 Agosti. Likija jibu la ukali, analijibu mara moja tu, kwa kukiri kwamba wanayo haki ya kusikitika, bila kujitetea. Na ile fomu anaipeleka Jumatatu kama alivyoandika. Ahadi ndogo ya aina hiyo ikivunjwa, barua yote inasomwa upya kwa jicho jingine.

Mambo huwa magumu zaidi kwa yule aliyepata nafasi bora zikiwa zimebaki siku mbili, au ameshafanya kazi wiki moja. Barua ya maneno mazuri haitafuta hasara hiyo, na asitarajie kwamba kampuni itafurahi. Anachoweza kutoa ni muda. Kampuni mpya mara nyingi hukubali kusogeza tarehe ya kuanza kwa wiki moja ikiombwa kwa sababu ya notisi, na ombi hilo humjengea heshima huko aendako. Wiki hiyo anaitumia kumaliza kazi aliyoianza na kuandika karatasi moja ya makabidhiano: nyaraka zipi ziko wapi, mteja gani anasubiri nini, kipi hakijakamilika. Katika barua, sentensi ya tarehe ya mwisho kazini inachukua nafasi ya ile ya kutoripoti, na karatasi ya makabidhiano inaambatishwa.

Mwaka wa mafunzo ukiisha, inaweza kutokea kampuni ya Kurasini ikatangaza nafasi ya mhasibu. Binti anaweza kuomba bila wasiwasi, ila asingoje waligundue jina lake wenyewe. Katika barua ya maombi, aya ya pili, anaandika kwamba Julai 2026 alichaguliwa kwa mafunzo katika kitengo cha forodha, akajiondoa kwa taarifa ya tarehe 17 Julai ili aende kwenye ukaguzi wa hesabu, na kwamba sasa anakuja na mwaka mmoja wa kazi hiyo. Barua ya zamani iko kwenye jalada, na atakayeifungua atakuta tarehe zinalingana.